Sura ya Tano: Kwa Nini Wasifunge Matairi Laini Tu?

Anayeanza kufuatilia mbio za langalanga huuliza swali hili kabla hajamaliza mbio zake za kwanza. Mtangazaji amesema tairi lenye mstari mwekundu ndilo lenye kasi kuliko yote. Kisha mbio zinaanza, na nusu ya madereva wako kwenye mstari wa njano. Baada ya saa moja anayeongoza yuko kwenye mstari mweupe, lile tairi tuliloambiwa lina kasi ndogo. Na hapo hapo mwenzake anayemfuata anaacha nafasi yake, anaingia kubadilisha matairi bila kulazimishwa na mtu, anarudi sekunde 20 nyuma, na kila mtu anasema amefanya jambo la akili.

Kama tairi laini ndilo lenye kasi, kwa nini wasilifunge mwanzo hadi mwisho? Na kama kusimama kunapoteza muda, kwa nini dereva asimame mara mbili?

Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo limo ndani ya mpira wenyewe.

Mpira unashikaje lami?

Tairi la mbio kwenye lami kavu halina mifereji hata kidogo. Barabarani tairi la namna hiyo tungeliita kipara na trafiki angetusimamisha, kwa sababu mifereji ndiyo inayotoa maji mvua ikinyesha. Penye ukavu mambo yanageuka: kila mfereji ni sehemu ambayo mpira haugusi barabara. Ndiyo maana tairi kavu la langalanga hutengenezwa likiwa kipara tangu kiwandani, na mvua ikianza madereva hukimbilia piti kufunga matairi mengine yenye mifereji. Piti ni njia ya pembeni inayopita mbele ya gereji za timu; humo ndimo matairi yanamobadilishwa.

Lami tunayoiona laini kwa macho, kwa karibu ni vijiwe na mashimo madogo yasiyohesabika. Mpira uliopata joto hubonyea, ukaingia katika mashimo hayo na kung'ang'ania. Ukiwa laini unaingia ndani zaidi, na dereva anaweza kukata kona kwa kasi kubwa na kufunga breki akiwa amechelewa. Ukiwa mgumu unaingia kidogo, na gari huteleza mapema.

Lakini kila mng'ang'anio una malipo. Mpira unaposhika kwa nguvu, vipande vyake vidogo hung'olewa na kubaki barabarani, na kule kubonyea na kurudi mara maelfu kunazidi kuupasha moto. Fikiria ufutio wa penseli. Ule laini unafuta vizuri sana, lakini daftari linajaa vumbi lake na wiki haiishi kabla haujakwisha. Ule mgumu unakaa muhula mzima, ila kila ukifuta karatasi inabaki na alama. Anayetengeneza ufutio hawezi kukupa sifa zote mbili kwa ukamilifu, na anayetengeneza tairi la mbio hali kadhalika.

Rangi tatu, majina mengi

Tangu 2011 matairi yote ya langalanga hutoka kwa kampuni moja, Pirelli ya Italia. Kampuni hiyo haitengenezi aina moja ya mpira. Ina mapishi kadhaa, yaani michanganyiko ya mpira wa asili na wa viwandani, masizi, mafuta, salfa na viungo vingine, na kila pishi lina kiwango chake cha ugumu. Tangu 2019 mapishi hayo hupewa herufi C na namba. Yalianza matano, kutoka C1, gumu kuliko yote, hadi C5, laini kuliko yote. Mwaka 2023 liliongezwa C0, gumu zaidi ya C1, na mwaka 2025 likaja C6, laini zaidi ya C5.

Kwa kila mbio Pirelli huchagua matatu tu kulingana na ukali wa lami, kona na hali ya hewa. Hayo matatu ndiyo yanayopewa rangi:

- Mweupe: gumu kati ya matatu ya wiki hiyo.
- Njano: la kati.
- Mwekundu: laini.

Watazamaji wengi huteleza hapa, kwa sababu rangi haitaji ugumu wa kudumu. Inataja nafasi ya tairi kati ya wenzake wa wiki ile. Huko Hungaria mwaka 2019 yalipelekwa C2, C3 na C4, hivyo C3 likavaa njano. Huko Monza, Italia, mwaka 2024 yalipelekwa C3, C4 na C5, na jina lile lile la C3 likavaa mweupe. Mapishi hubadilishwa mwaka hadi mwaka, lakini kanuni ni hiyo: lililoitwa la kati sehemu moja laweza kuitwa gumu kwingine.

Kuna sheria moja ya msingi ya kukumbuka. Mbio zikiwa kavu, dereva lazima atumie angalau aina mbili kati ya hizo tatu. Hivyo kusimama mara moja ni lazima. Kusimama mara ya pili, kwa kawaida, ni hiari, na mikakati mingi huzaliwa kwenye hiari hiyo.

Faida ya laini inakwisha lini?

Tuchukue hesabu ya mfano, yenye namba nilizozirahisisha. Madereva wawili wana magari sawa. Mmoja amefunga laini, mwingine gumu. Mzunguko wa kwanza mwenye laini ana kasi zaidi kwa sekunde 0.6. Lakini tairi lake linachoka kwa sekunde 0.10 kila mzunguko, na la mwenzake kwa sekunde 0.04 tu. Maana yake ni kwamba kila mzunguko faida ya laini inapungua kwa sekunde 0.06.

Baada ya mizunguko 10, mwenye laini ametangulia kwa sekunde 3.3. Mzunguko wa 11 kasi zao ziko sawa kabisa. Kuanzia wa 12 mwenye gumu ndiye mwenye kasi, na ikifika wa 21 amekwisha kuifuta ile faida yote. Wakiendelea hivyo bila kusimama, mzunguko wa 30 mwenye laini atakuwa nyuma kwa sekunde 8.1.

Kwa hiyo kusema "tairi hili lina kasi" ni kusema nusu ya jambo. Lina kasi kwa mizunguko mingapi? Swali la mhandisi wa mikakati, yaani mtu anayekaa na kompyuta akiamua dereva aingie lini, ndilo hilo. Kazi yake inatatizwa na jambo lingine. Gari huanza mbio na petroli nyingi, na kila mzunguko linakuwa jepesi. Wepesi huo huongeza kasi wakati uchovu wa tairi unaipunguza. Ndiyo maana unaweza kuona muda wa dereva haubadiliki kwa mizunguko 15 ukadhani matairi yake ni mazima, kumbe yanachoka na petroli inayafichia siri.

Tairi huugua magonjwa gani?

Tairi haliishi kwa njia moja. Wahandisi hutofautisha hali tatu, na kila moja ina dalili yake.

*Kulika.* Mpira unapungua unene hadi ukaribie kwisha. Hatari yake ni kupasuka. Silverstone, Uingereza, mwaka 2020, Lewis Hamilton alikuwa akiongoza tairi lake la mbele kushoto lilipopasuka katika mzunguko wa mwisho. Alivuka mstari akiwa mshindi, gari likijikokota kwa matairi matatu.

*Malengelenge.* Joto likizidi ndani ya mpira, tabaka la juu huvimba na kubanduka. Kwenye televisheni utaona mstari mweusi uliozunguka tairi. Wiki moja baada ya kisa hicho, Silverstone hiyo hiyo, Pirelli ilileta matairi laini zaidi kwa hatua moja. Magari ya Mercedes yalitoka malengelenge, na Max Verstappen wa Red Bull, aliyeanza na tairi gumu, akashinda.

*Vipele.* Hutokea tairi likiwa halijapata joto la kutosha na gari likiteleza. Mpira wa juu huchunika kuwa chembechembe zinazojiviringisha na kubaki zikiwa zimeganda juu ya tairi. Gari linakuwa kama linatembea juu ya chembe hizo na si juu ya lami. Dalili yake kuu ni gari kukataa kukata kona, likipanua kwenda nje. Vipele vina tofauti moja kubwa na yale magonjwa mengine: dereva akivumilia na kuendesha kwa utulivu, vinaweza kusuguliwa vikaisha na mshiko ukarudi. Tutaona baadaye jinsi jambo hilo lilivyoamua mbio nzima.

> Kwa ufupi: Tairi laini hushika zaidi na huchoka mapema. Gumu hushika kidogo na hudumu. Rangi hulinganisha matatu ya wiki hiyo tu. Uchovu una sura tatu, na mojawapo, vipele, huweza kupona.

Bei ya kusimama

Mafundi wa timu nzuri hubadilisha matairi manne kwa sekunde mbili na kidogo. Mwaka 2023 huko Qatar mafundi wa McLaren walifanya kazi hiyo kwa sekunde 1.80. Sasa kwa nini tunasema kusimama kunagharimu sekunde 20?

Kwa sababu muda haupotei pale gari liliposimama. Unapotea katika kupita piti, ambamo mwendo huzuiwa kwa kawaida usizidi kilomita 80 kwa saa, huku wenzako wakipita kando kwa zaidi ya mara tatu ya mwendo huo. Mahali penye piti ndefu au ambapo barabara ya pembeni ni ya mwendo mkali, bei hupanda. Gari la usalama likitoka kwa sababu ya ajali, kila mtu hupunguza mwendo na bei hushuka. Ndiyo sababu ajali ndogo nyuma ya msafara huwafanya walio mbele wakimbilie piti.

Sasa tuna pande zote mbili za mizani: sekunde zinazolipwa mara moja kwenye piti, na sekunde zinazorudishwa kidogo kidogo kila mzunguko na matairi yasiyochoka. Tuone watu walivyozipima kweli.

Hungaria 2019: sekunde 20, mizunguko 22

Hungaroring ni barabara nyembamba yenye kona mfululizo, ambamo kumpita mwenzako ni kazi ngumu. Mbio zake ni mizunguko 70. Mwaka 2019 Verstappen alianza wa kwanza, na muda si mrefu Hamilton wa Mercedes akawa nyuma yake. Wote wawili walianza na matairi ya kati.

Mzunguko wa 25 Red Bull walimwita Verstappen ndani kwanza. Walikuwa na sababu. Anayetangulia kuingia hutoka na matairi mapya wakati mwenzake bado yuko kwenye yaliyochoka, na kwa mzunguko mmoja au miwili anaweza kupata muda wa kutosha kumruka. Kiongozi akichelewa, anajiweka wazi kwa pigo hilo. Verstappen akafungiwa gumu. Hamilton alibaki hadi mzunguko wa 31, naye akafungiwa gumu.

Sasa Hamilton alikuwa na matairi yenye umri mdogo kwa mizunguko sita. Akamfikia Verstappen, akajaribu kumpita kwa nje, akapanuka, akarudi nyuma. Ikaonekana wazi kwamba mizunguko sita ya tofauti haitoshi katika barabara ile. Angebaki pale hadi mwisho angemaliza wa pili.

Mzunguko wa 48 Mercedes wakamwita tena. Sheria ya aina mbili alikuwa ameshaitimiza, hivyo hakuna aliyewalazimisha. Alitoka na matairi ya kati, akiwa nyuma kwa sekunde kama 20, na mizunguko 22 imebaki. Gawanya: alihitaji kupata karibu sekunde 0.9 kila mzunguko, na bado apite. Hamilton mwenyewe alisikika redioni akiwa na shaka kama pengo hilo litazibika.

Kwa nini timu ilithubutu? Kulikuwa na mambo matatu mezani.

1. Hawakuwa na cha kupoteza. Magari ya Ferrari yaliyofuata yalikuwa mbali kiasi kwamba Hamilton angeweza kuingia piti na kutoka akiwa bado wa pili. Mkakati ukishindwa, atamaliza pale pale alipokuwa.
2. Walikuwa na ushahidi kuhusu tairi. Mwanzoni mwa mbio gari lile lile lilikwenda mizunguko 31 kwa matairi ya kati likiwa na petroli nyingi. Mizunguko 22 kwa gari jepesi ilikuwa ndani ya uwezo wake, na angeweza kuyasukuma bila huruma.
3. Verstappen hakuwa na jibu. Hamilton alikuwa karibu mno nyuma yake kabla ya kuingia. Red Bull wangemwita Verstappen mzunguko uliofuata, angetoka nyuma ya Hamilton na kumkabidhi uongozi. Ikabidi abaki na gumu lililokuwa na mizunguko 23 tayari, alifikishe mwisho.

Jambo la tatu ndilo watu wengi hulisahau. Mkakati haukuwa tu kumpa Hamilton matairi mazuri. Ulikuwa pia kumfungia Verstappen kwenye matairi mabaya.

Pengo likaanza kuliwa. Kadiri gumu la Verstappen lilivyochoka, ndivyo sekunde zilivyozidi kurudi, naye akaiambia timu yake redioni kwamba matairi yamekufa. Mzunguko wa 67 Hamilton alimpita kwenye kona ya kwanza bila pambano kubwa. Sekunde 20 zilikuwa zimelipwa kwa mizunguko isiyofika 20, yaani wastani wa zaidi kidogo ya sekunde moja kila mzunguko. Matairi ya Verstappen wakati huo yalikuwa yamekwenda mizunguko 42.

Angalia alichofanya Verstappen baada ya kupitwa. Aliingia piti, akafunga laini, na akaweka muda wa haraka kuliko wote katika mbio zile, jambo lililompa pointi moja ya ziada kwa sheria za mwaka huo. Gari lake halikuwa na tatizo. Kilichomwangusha ni umri wa mpira.

Monza 2024: sarafu ikageuka

Msomaji asije akahitimisha kwamba kusimama mara mbili ndiyo akili. Miaka mitano baadaye, Monza, hesabu ile ile ilitoa jibu la kinyume.

Barabara ilikuwa imewekwa lami mpya, na katika mazoezi vipele vilionekana kwenye matairi. Ilidhaniwa na wengi kwamba gumu halitadumu kwa dereva anayetaka ushindi, hivyo kusimama mara mbili kulionekana njia salama. McLaren, waliokuwa na gari lenye kasi, wakasimama mara mbili kwa madereva wao wote, Oscar Piastri na Lando Norris.

Charles Leclerc wa Ferrari aliingia mzunguko wa 15, akafungiwa gumu, na hakurudi tena. Mbio zilikuwa na mizunguko 53, kwa hiyo tairi lile lilipaswa kwenda mizunguko 38. Vipele vilivyoogopwa havikuua matairi yake. Leclerc aliyalea, na muda wake ukabaki imara kiasi kwamba alipokuja kufukuzwa na Piastri mwenye matairi mapya zaidi, pengo lilikuwa kubwa mno kwa mizunguko iliyobaki. Leclerc alishinda kwa sekunde 2.664.

Tofauti ya Monza na Hungaria iko wapi? Kwanza, gumu la Monza lilichoka polepole, hivyo kila mzunguko wa matairi mapya ulirudisha sekunde chache kuliko zilizohitajika. Pili, bei ya kusimama Monza ni kubwa, kwa kuwa piti iko kando ya barabara iliyonyooka ambako magari hupita kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Bei juu, marejesho kidogo: kusimama mara ya pili hakukulipa.

Ukiangalia mbio zijazo

Acha kuuliza nani ana tairi jekundu. Uliza maswali haya manne, kwa mpangilio huu:

- Tairi la kila mmoja lina umri wa mizunguko mingapi?
- Pengo la anayefukuza ni sekunde ngapi, na imebaki mizunguko mingapi? Gawanya la kwanza kwa la pili.
- Mzunguko uliopita alipata sekunde ngapi? Linganisha na jibu la kugawanya.
- Akifika, barabara ile inapitika, au atakwama nyuma kama Hamilton kabla ya mzunguko wa 48?

Kama anachopata kila mzunguko kinazidi kinachohitajika, na barabara inapitika, anayeongoza ana kesi ya kujibu hata kama skrini inamwonyesha mbele kwa sekunde 15. Kama hakizidi, mwache mtangazaji apige kelele: mshindi ni yule wa mbele, mwenye tairi jeupe lililochoka.